Baka lisilowasha wala kuuma: ukoma, vidonge, na ile vita inayokuja baada ya kuanza dawa

Baka la ukoma halina makeke kabisa. Haliwashi, haliumi, halitoi maji, na ndo maana mtu anaweza kukaa nalo mwaka, miwili, wengine zaidi ya hapo, bila hata kumwonyesha mke wake. Mimi ni tabibu, kliniki yangu ni ya kifua kikuu na ukoma kwenye wilaya moja ya korosho huku kusini mwa Tanzania, na kwa niliyoyaona kumuua kimelea ndo sehemu rahisi ya huu ugonjwa. Shughuli iko kwa mwili wenyewe unapoamka kupigana nacho, na mara nyingi unaamka mgonjwa akiwa keshaanza dawa na anazimeza vizuri tu, halafu hapo ndo watu wanatukimbia.

Nitaeleza kwa kumfuata mgonjwa mmoja, nimebadilisha vitu vidogo asijulikane. Ni mkulima wa korosho, miaka arobaini na kitu, baba wa watoto kadhaa. Alikuja na mabaka nane, mgongoni, mkono wa kulia na moja kwenye paja, rangi yake imepauka kidogo na kingo zina wekundu kama wa shaba ukiyaangalia kwenye mwanga wa dirishani (taa ya ndani inakudanganya, mgonjwa mpeleke dirishani). Yeye alikuwa na hakika ni salfa, ile ya kupulizia mikorosho, maana msimu wa kupulizia kila mtu anawashwa ngozi. Duka la dawa wakamuuzia krimu ya fangasi, akapaka. Zahanati moja wakamwambia ni choa, wakampa krimu nyingine, akapaka tena. Hakuna kilichobadilika, na kwa kuwa havimuumi akaachana navyo. Kilichomleta kwetu ni kidole. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kinakufa ganzi usiku, na akaanza kudondosha vitu.

Sasa kumpima mtu ukoma hakuhitaji mashine, na hili huwa linawashangaza hata wanafunzi wetu. Unachukua pamba, unaisokota ncha iwe nyembamba, unamwonyesha mgonjwa kwanza macho yakiwa wazi ili aelewe mchezo: nikikugusa, weka kidole pale nilipogusa. Halafu afumbe macho. Unagusa ngozi isiyo na baka, anaonyesha. Unagusa mkono mwingine, anaonyesha. Unagusa katikati ya baka, kimya. Unagusa tena, kimya, anakuuliza "dokta mbona umeacha?" Choa haifanyi hivyo, mba haifanyi hivyo, alama ya kuzaliwa haifanyi hivyo. Baka lililopoteza hisia ni ukoma mpaka mtu akuthibitishie vingine. Ila kuna mtego: kwenye uso hisia ni nyingi sana, neva zimejaa pale, kwa hiyo baka la shavuni linaweza kuwa la ukoma na bado akasikia pamba vizuri, na kuna wengine wenye vimelea vingi sana mwilini ambao hawana mabaka ya ganzi kabisa, ngozi inanenepa tu na kung'aa, masikio yanavimba vinundu, nyusi zinadondoka, na mtu anafikiri kanenepa. Hao ndo tunawakosa.

Baada ya ngozi unaenda kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu. Kunja mkono wako sasa hivi, pitisha kidole nyuma ya kiwiko upande wa ndani, kwenye kale kashimo, pale ukijigonga unasikia umeme hadi kidole kidogo. Hiyo ndo neva ninayoizungumzia. Kwa mtu asiyeumwa ni laini, unaiviringisha chini ya kidole. Kwa huyu baba ya kulia ilikuwa nene na ngumu, unaifuata juu ya kiwiko kama kamba, na nilipoibonyeza kidogo tu akauvuta mkono. Nikamwambia atanue kidole kidogo pembeni, mimi nikisukuma kwa ndani, kikalegea upesi. Cha kushoto kikashindana na mimi. Nikachukua kalamu ya wino ya kawaida, nikagusa kwa uzito wake tu sehemu kadhaa kwenye viganja, macho yamefumbwa. Upande wa kidole kidogo kulia hasikii. Hivyo vyote vinaandikwa kwenye fomu. Usipoandika siku ya kwanza, baada ya miezi mitatu hutajua kama mkono umezidi kuharibika au ulikuwa hivyo hivyo, na uamuzi mzito unategemea hiyo tofauti.

Kwa nini neva? Kile kimelea, ambacho daktari Hansen alikitambua kule Bergen, Norwei, mwaka 1873, kinapenda sehemu zenye ubaridi kidogo mwilini na kinaishi ndani ya chembe zinazozungushia neva. Kwa hiyo kinakaa kwenye ngozi, puani, na kwenye neva zinazopita karibu na ngozi: kwenye kiwiko, kifundo cha mkono, pembeni ya goti, nyuma ya kifundo cha mguu, usoni. Kinazaliana polepole kupita kiasi, kimelea kimoja kinachukua wiki mbili hivi kuwa viwili, wakati bakteria wengi wanamaliza hiyo kazi ndani ya saa moja. Ndo maana mtu anaambukizwa leo, dalili zinakuja baada ya miaka 5 kwa wastani, wengine 20 na zaidi, na ukimuuliza "ulikutana na nani" hawezi kujua. Na watu wengi mno, asilimia 95 hivi, kinga yao inakimaliza bila wao kujua kama kiliwahi kupita.

Tukirudi kwa baba yetu: mabaka zaidi ya matano, neva imehusika, kwa hiyo anaingia kundi la vimelea vingi. Miezi 12 ya dawa. Angekuwa na mabaka matano au chini, neva hazijaguswa na vimelea havionekani kwenye kipimo cha ngozi, angemeza miezi 6. Dawa zenyewe ni tatu, rifampisini, klofazimini na dapsoni, zinakuja kwenye blista moja ya siku 28, bure. Dozi kubwa ya mwezi anaimeza mbele yetu kliniki, za kila siku anaenda nazo nyumbani. Zinatolewa tatu kwa pamoja kwa sababu dapsoni peke yake ilitumika miaka mingi, vimelea vikaizoea, na ndo Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 likapendekeza mchanganyiko.

Siku ya kwanza huwa namwambia mgonjwa mambo matatu kabla hajatoka mlangoni. Mkojo utakuwa mwekundu leo na kesho, ni rangi ya rifampisini, sio damu. Ngozi itakuwa nyeusi zaidi, hasa kwenye mabaka, hiyo ni klofazimini, itachukua muda kupungua baada ya kumaliza dawa, mwaka na zaidi. Na tatu, akipata upele mwili mzima wa kuwasha na homa ndani ya wiki za mwanzo, asimeze tena, aje siku hiyo hiyo, maana kuna watu dapsoni inawakataa vibaya na inaweza kuua.

Kuna la nne nalo, na yeye nilimwambia, lakini mtu akiwa ndo kwanza kaambiwa ana ukoma hasikii tena unachoongea, anawaza majirani. Nilimwambia mabaka yanaweza kuja kuwaka moto. Alitikisa kichwa, akauliza kama anaweza kula sahani moja na watoto. Ndiyo, anaweza, dozi ya kwanza ya rifampisini inaua karibu vimelea vyote vilivyo hai ndani ya siku chache, hamwambukizi mtu tena. Akaenda zake.

Blista ya kwanza alikuja, ya pili akaja. Ya tatu hakuja. Mhudumu wa afya wa kijiji chao ndo alimfuata, akamkuta kajifungia ndani, mabaka yote nane yamevimba, mekundu, yanang'aa, ya moto ukiyagusa, mkono wa kulia umejaa mpaka vidole, na kiwiko kinamuuma usiku halali. Blista ameitupa juu ya dari. Mama yake alikuwa na maelezo kamili: dawa zimemkataa mwanangu, alikuwa na mabaka tu haumwi kitu, nyie ndo mmemuumiza. Na ukimsikiliza huyo mama, kwa aliyoyaona kwa macho yake, yuko sahihi kabisa. Mtu alikuwa haumwi, kameza vidonge miezi miwili, sasa anaumwa. Mganga wa jirani akaongeza la kwake, kwamba kilichokuwa kimelala kimeamshwa, na jamani, katika wote hao yeye ndo alikaribia ukweli.

Maana ndo kilichotokea. Tunaita riaksheni, na hii ni aina ya kwanza. Muda wote ule kinga ya mwili ilikuwa kama haivioni vile vimelea, vimejificha ndani ya chembe, vinazaliana kwa utulivu. Dawa inavipasua, vipande vyake vinatapakaa, kinga inashtuka na kuvishambulia popote vilipo. Vilipo ni kwenye ngozi, na kwenye ngozi uvimbe unavuta kidogo halafu unaisha. Lakini vilipo pia ni ndani ya neva, na neva imebanwa kwenye njia nyembamba pale kiwikoni, ikivimba haina pa kwenda. Ni kuchoma nyumba ili umtoe panya. Kimelea hakina sumu kali, kwa sehemu kubwa kidole kinachokunjika kinakunjwa na jeshi la mwili wenyewe. Na kwa kuwa mabaki ya vimelea vilivyokufa yanakaa mwilini miaka, hii vita inaweza kuanza kabla ya dawa, wakati wa dawa (miezi 6 ya kwanza ndo kilele), au hata baada ya mtu kumaliza na kupewa karatasi kwamba amepona.

Kosa ambalo kila mtu anataka kulifanya hapo ni kusimamisha dawa za ukoma. Hazisimamishwi. Ukizisimamisha riaksheni haiondoki, na vimelea vilivyobaki unavipa likizo. Kinachotakiwa ni kuituliza kinga wakati dawa zinaendelea, na cha kuituliza ni predinisoloni. Nilimpima tena kwa ile kalamu na ile fomu ya siku ya kwanza iko mezani: kidole kidogo sasa hakitanuki kabisa, na ganzi imepanda hadi ukingo wote wa kiganja. Neva iliyopoteza nguvu chini ya miezi 6 bado ina nafasi ya kurudi ukiwahi. Ikipita hapo, unaokoa kilichobaki tu.

Akaanza na miligramu 40, vidonge nane vya miligramu 5, asubuhi mara moja baada ya kula. Ila kabla ya kumpa tulimaliza mambo: sukari ilipimwa, kikohozi na jasho la usiku vikaulizwa kwa ajili ya kifua kikuu, na akapewa dawa ya minyoo. Watu wanacheka hapo kwenye minyoo, lakini kuna aina ya minyoo inayoingilia kwenye nyayo za wanaotembea peku shambani, mtu anaishi nayo bila shida, ukishusha kinga yake kwa predinisoloni inasambaa mwili mzima na inaweza kumuua. Mkono ukafungwa kwa kitambaa shingoni, kiwiko kipumzike, hakuna kupalilia. Hili lilikuwa gumu kuliko vidonge, mkulima umwambie hapalilii.

Ratiba yake ilikuwa ya wiki 20, dozi inashuka taratibu, na kila wiki mbili kalamu, kidole, fomu. Wiki ya kwanza tu maumivu yakaisha, mabaka yakaanza kunywea. Na hapo kuna hatari nyingine, mtu akisikia nafuu anaacha vidonge ghafla, uvimbe unarudi, na juu ya hapo mwili ulioizoea hiyo dawa unaishiwa nguvu vibaya, mtu anaweza hata kuzimia. Tena kuna wanaogundua kwamba predinisoloni inaleta hamu ya kula na uso unajaa, wanajinunulia wenyewe dukani miezi na miezi, wanakuja na kisukari na mifupa dhaifu. Kwa hiyo nilikuwa namhesabia vidonge vya wiki mbili tu, mkewe anavitunza.

Kufikia mwisho wa zile wiki, kidole kidogo kilikuwa kinatanuka tena lakini nikikisukuma kinashindwa. Ganzi ilirudi nyuma mpaka upande wa kidole kidogo tu. Kwa hiyo hakurudi kama zamani. Angekuja akiwa na baka moja, ile miaka ya krimu ya fangasi, tungeongea mengine.

Niseme kidogo kuhusu riaksheni ya aina ya pili, maana inachanganya. Hii inawapata wale wenye vimelea vingi mno, wale wa ngozi kunenepa. Mabaka ya zamani hayabadiliki, ila vinundu vipya vyekundu vinachomoza chini ya ngozi, mikononi, miguuni, usoni, vinauma ukivigusa, na mtu anapata homa, viungo vinauma, macho yanakuwa mekundu, wanaume korodani zinavimba. Nilikuwa na mama mmoja alitibiwa malaria mara kadhaa kwa sababu ya hiyo homa, kipimo kinasoma hana, anatibiwa tu. Aina hii inarudi na kurudi, mwaka mzima, miaka, na predinisoloni ikitumika muda wote huo inaleta maradhi yake yenyewe, ndo maana tunaongeza dozi ya klofazimini ili kupunguza utegemezi. Kuna dawa nyingine inayofanya kazi vizuri sana, thalidomaidi, daktari Sheskin aliigundua kwa bahati mwaka 1964 kule Yerusalemu alipompa mgonjwa wake ili apate usingizi, lakini ndo ile ile iliyoharibu watoto tumboni Ulaya, kwa hiyo kwa mwanamke anayeweza kushika mimba sisi hatuigusi.

Rudi kwa mkono wenye ganzi. Vidole havidondoki kwa sababu ya ukoma, naona hata waandishi wa habari bado wanaandika hivyo. Kinachotokea ni kwamba asiyesikia maumivu anashika sufuria ya moto, anaungua, hajui, anaendelea na kazi, kidonda kinaoza ndani, mfupa unaliwa na maambukizi, kidole kinafupika. Na ngozi isiyo na hisia pia haitoi jasho, inakauka, inapasuka yenyewe. Kwa mtu wa korosho ni balaa zaidi, mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi hata yakiwa baridi, na wakati wa kubangua kwa moto ndo usiseme. Tulikubaliana hivi: habangui tena, mpini wa jembe unazungushiwa kitambaa kinene, chombo cha jikoni anashika kwa mkono wa kushoto, na kila jioni mkono unalowekwa kwenye maji ya kawaida (ya baridi, sio ya uvuguvugu, hatajua yakiwa ya moto) nusu saa hivi, halafu anapaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, mkewe anaukagua. Mafuta ya alizeti, nazi, vazelini, chochote kilichopo nyumbani.

Alipomaliza blista ya 12 tuliacha dawa. Na nikamweleza tena, safari hii akasikia, kwamba mabaka yakiwaka tena mwakani asifikiri ugonjwa umerudi. Riaksheni inakuja haraka, siku chache, inauma, inavimba, na mara nyingi ni ndani ya miaka mitatu ya kwanza. Ugonjwa ukirudi kweli, na ni nadra, unakuja polepole baada ya miaka, mabaka mapya, bila maumivu. Riaksheni tunatibu kwa predinisoloni, ugonjwa uliorudi kweli tunaanza blista upya. Nimeona watu wakianzishiwa blista mara tatu kwa sababu ya riaksheni ambayo hakuna aliyeitambua, na neva zao zikafa huku wakimeza dawa ya vimelea ambavyo havikuwepo tena.

Bado kulikuwa na nyumba yake. Wanaoishi na mgonjwa wanakaguliwa wote, nguo zinavuliwa, dirishani. Wasio na dalili wanapewa dozi moja tu ya rifampisini ya kuzuia, baada ya kuhakikisha hawana dalili za kifua kikuu, maana dozi moja kwa mwenye kifua kikuu unamfundisha kimelea usugu. Binti yake wa darasa la nne alikuwa na baka moja kalioni, pamba haisikii, neva zote laini. Miezi 6, blista za watoto, hakupata riaksheni, hakukosa shule zaidi ya siku za kliniki. Siku anamaliza, mama yake akamgeuza mbele yangu akaniuliza mbona baka bado lipo, limepungua lakini lipo, niongeze dawa. Nikamwambia dawa haziongezwi. Makovu mengine hubaki hivyo miaka, na hisia pale kalioni inaweza isirudi. Tutakachoangalia ni kama linatanuka, kama yanatokea mapya, na kama mikono na miguu inasikia kalamu. Akaniambia nimwandikie hayo kwenye daftari la kliniki, kwa maandishi makubwa, akamwonyeshe bibi yake.